Kodi umelipa kwa simu, lakini utathibitishaje kuwa ilikuwa ya Mei?

TAARIFA ya miamala ya simu husema kweli, lakini haisemi yote. Inaonyesha kwamba pesa zilitoka kwako, siku fulani, saa fulani, zikaenda kwa mtu fulani. Haisemi kuwa zilikuwa kodi. Haisemi zilikuwa kodi ya mwezi gani, wala haisemi kama aliyezipokea alikuwa na ruhusa ya kuzipokea kwa niaba ya mwenye nyumba. Mizozo mingi ya wapangaji na wenye majengo hutokea katika mapengo hayo matatu, na mpangaji huyagundua siku anapokabidhiwa notisi.

Tutumie mfano wa kubuni kutoka Nairobi, ambako M-PESA imekuwepo tangu Machi 2007 na kodi ya kibanda, chumba au duka hulipwa kwa simu bila mtu kuwaza mara mbili. Mshonaji nguo amekodi duka kwa Sh9,000 kwa mwezi, kodi ikitakiwa kufikia tarehe 5. Hana mkataba wa maandishi. Walielewana kwa mdomo. Julai 8, 2024, mwenye jengo anamletea notisi ya kuhama, akidai hajalipwa kodi ya Mei na Juni, jumla Sh18,000.

Mshonaji anajua amelipa miezi yote sita tangu Januari. Anafungua simu yake kwa hasira na kuanza kutafuta ujumbe mmoja mmoja. Anachokipata ni hiki.

Januari, Februari, Aprili na Juni alituma Sh9,000 kila mwezi moja kwa moja kwa nambari ya mwenye jengo. Hapo hakuna ubishi, na jumla ni Sh36,000. Machi biashara ilikuwa mbaya, akalipa Sh5,000 tarehe 6 na Sh4,000 tarehe 19, zote kwa nambari ya msimamizi wa jengo, ambaye aliacha kazi mwezi uliofuata. Mei alikwenda kwa wakala na pesa taslimu, akampa nambari ya mwenye jengo, na wakala akaziweka moja kwa moja katika akaunti ya mwenye jengo.

Sasa tazama hesabu ya upande wa pili. Mwenye jengo anasema amepokea malipo manne kutoka kwa mpangaji huyu, si sita. Malipo manne yanatosha miezi minne ya kwanza: Januari, Februari, Machi na Aprili. Zile za Juni amezihesabu kuwa za Aprili, na za Aprili kuwa za Machi. Ndiyo maana deni linaangukia Mei na Juni, ingawa mshonaji anakumbuka vizuri kwamba pesa za Juni zilikuwa za Juni.

Hesabu hiyo ina uzito wa kisheria. Duka kama hili liko chini ya sheria ya Kenya ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, ambayo humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Miongoni mwa sababu ambazo sheria hiyo inamruhusu mwenye jengo kuzitoa ili ajirudishie duka ni kodi kukaa miezi miwili bila kulipwa baada ya siku yake. Kodi ya Mei ilitakiwa Mei 5. Notisi imekuja Julai 8. Haikuja siku hiyo kwa bahati.

Pesa za mwezi upi?

Tuanze na pengo hili kwa sababu ndilo lisilofahamika zaidi, na ndilo rahisi kuliziba. Mtu anapodaiwa zaidi ya deni moja na mtu yuleyule, kanuni ya zamani ya sheria za mikataba ni kwamba anayelipa ndiye mwenye haki ya kwanza kusema analipa deni lipi, mradi aseme wakati wa kulipa. Asiposema, haki hiyo humwendea anayepokea, naye anaweza kuzihesabu pesa kwa deni analolitaka, kwa kawaida lile la zamani zaidi.

Mshonaji hakusema. Pesa alizituma kwa Tuma Pesa bila kuandika popote sababu ya malipo. Ujumbe wa uthibitisho unaotoka kwa kampuni ya simu unataja kiasi, jina, nambari, tarehe, saa na salio, basi. Kwa hiyo pesa za Juni zilifika zikiwa kimya, na mwenye jengo akazisemea.

Dawa yake ni ujumbe mfupi wa kawaida, unaotumwa kwa mwenye jengo dakika ileile baada ya kulipa, kabla simu haijarudi mfukoni. Uwe na mambo manne: kiasi, duka au chumba, mwezi na mwaka, na nambari ya muamala. Kwa mfano: “Mzee, nimekutumia Sh9,000, kodi ya duka nambari 4, mwezi wa Juni 2024. Muamala SF54K2M9QT.” Akijibu “Nimepata” ni vizuri sana. Asipojibu, ujumbe wako bado unaonyesha kuwa ulisema wakati wa kulipa. WhatsApp pia inafaa, ila usiweke kule kufutika kwa ujumbe baada ya siku chache.

Kama mwenye jengo ana nambari ya Paybill, tatizo hili hupungua kwa sababu mlipaji huulizwa nambari ya akaunti. Mara nyingi mwenye jengo au wakala wake huwa amempa kila mpangaji nambari yake, kwa mfano ile ya chumba. Hiyo huchapishwa kwenye ujumbe wa uthibitisho na kwenye taarifa ya miamala. Ukikosea herufi moja pale, pesa zinaweza kuhesabiwa kwa jirani, na kumwandama mhasibu azirudishe kunaweza kuchukua wiki nzima. Nambari ya Lipa na M-PESA ya dukani, ile ya kununua bidhaa, haina nafasi hiyo; inamtaja aliyelipwa tu.

Nani alipokea?

Sh9,000 za Machi zipo kwenye taarifa ya mshonaji, wazi kabisa, ila jina lililoandikwa ni la msimamizi. Mwenye jengo anasema hakumtuma mtu yeyote kupokea kodi. Hapa taarifa peke yake haitoshi. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba mwenye jengo alimweka msimamizi huyo mbele ya wapangaji kama mpokeaji wa kodi: ujumbe wa zamani unaosema “mpe msimamizi,” risiti aliyoandika kwa mkono miezi ya nyuma na ikakubaliwa, au wapangaji wengine waliokuwa wakimlipa bila mwenye jengo kulalamika. Tabia ya mwenye jengo mwenyewe inaweza kumfunga hata kama hakuandika barua.

Ni rahisi zaidi kulimaliza jambo hili mapema. Siku ya kwanza unapoelekezwa kulipa kwa nambari isiyo ya mwenye jengo, muulize yeye mwenyewe kwa ujumbe: “Nithibitishie kuwa kodi nilipe kwa nambari hii ya fulani.” Jibu la neno moja linatosha. Fanya hivyo pia jina linalojitokeza unapolipa likiwa si la mwenye jengo unayemfahamu. Wengi wana laini zilizosajiliwa kwa jina la mke, mtoto au shemeji, na kwenye taarifa ni jina hilo la usajili litakaloonekana, huku nambari yenyewe ikifichwa tarakimu za katikati. Miaka miwili baadaye, mbele ya watu wasiokujua, utahitaji kueleza huyo ni nani.

Swahiba wa tatizo hili ni kulipa kwa laini ya mtu mwingine. Simu yako imeisha chaji, unamwomba mumeo au jirani akutumie. Taarifa ya malipo hayo ni mali ya mwenye laini. Wewe huwezi kuiomba. Mkikosana, au akihamia nchi nyingine, ushahidi umekwenda naye. Ikilazimu kufanya hivyo, ule ujumbe wa mambo manne uutume kutoka kwenye simu yako na umtaje aliyekutumia.

Pesa zisizoonekana popote

Malipo ya Mei ndiyo yanayomtesa mshonaji. Aliweka pesa kupitia kwa wakala moja kwa moja kwa nambari ya mwenye jengo ili aokoe gharama ya kutuma, kwa sababu kuweka pesa ni bure. Mawakala hawatakiwi kufanya hivyo, lakini hufanyika kila siku. Matokeo yake ni kwamba muamala huo haupo kwenye taarifa yake hata kidogo. Kwa mtambo wa kampuni, mwenye jengo alijiwekea pesa zake mwenyewe. Ujumbe wa uthibitisho ulikwenda kwa mwenye jengo na kwa wakala, si kwa aliyetoa fedha.

Je, amepotea? Si lazima. Wakala ana kumbukumbu za siku hiyo, na mwenye jengo ana taarifa yake mwenyewe itakayoonyesha Sh9,000 ziliwekwa Mei. Mshonaji anaweza kuliomba jopo limtake mwenye jengo alete taarifa hiyo. Lakini sasa anategemea mfuko wa mpinzani wake, tena kwa kuokoa shilingi chache. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna njia mbaya zaidi ya kulipa kodi kuliko hii, labda ile ya kumkabidhi mtu noti gizani.

Kwa nini ujumbe wa simu hautoshi

Wapangaji wengi huhifadhi picha ya skrini wakidhani wamemaliza. Wenye majengo nao wamejifunza kutoziamini, na wana sababu. Maneno ya ujumbe yanaweza kunakiliwa na kubadilishwa tarehe. Isitoshe, hata ujumbe wa kweli haumaanishi kuwa pesa zilibaki zilikokwenda: aliyetuma M-PESA anaweza kuomba zirudishwe kwa kupeleka ujumbe huo kwa nambari 456. Picha ya skrini haionyeshi urejeshaji uliotokea nusu saa baadaye. Taarifa ya miamala inauonyesha.

Kuna dalili ya haraka ya kutambua ujumbe wa M-PESA uliochezewa. Nambari ya muamala ina herufi na tarakimu 10, na kwa miaka mingi tatu za mwanzo zimefuata kalenda. Ya kwanza ni mwaka: N ilikuwa 2019, R ikawa 2023, S ikawa 2024. Ya pili ni mwezi, A kwa Januari hadi L kwa Desemba. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, na kuendelea. Kwa hiyo muamala wa Machi 19, 2024 utaanza na SCJ. Ujumbe unaodai ni wa Juni 5, 2024 huku ukianza na SC6 una maswali ya kujibu. Hiyo ni dalili tu. Hauwezi kuwa uthibitisho, kwa sababu mghushi anayeujua mpangilio huo ataufuata.

Taarifa yenyewe Kenya hupatikana bila kwenda ofisini, kupitia programu ya simu ya kampuni au kwa kupiga *334# na kufuata sehemu ya akaunti yako. Unachagua kipindi na inatumwa kwa baruapepe kama faili ya PDF iliyofungwa kwa nenosiri. Ndani utakuta safu za nambari ya muamala, wakati ulipokamilika, maelezo, hali ya muamala, pesa zilizoingia, zilizotoka na salio.

Usisubiri mzozo. Ipakue kila baada ya miezi mitatu na uihifadhi faili ileile uliyotumiwa, bila kuibadilisha, kwenye baruapepe yako. Andika nenosiri mahali, maana faili usiyoweza kuifungua haina msaada. Simu ikiibwa, ujumbe mfupi unakwenda na simu, faili inabaki. Na usiifute baada ya kuhama: nchini Kenya deni la kodi linaweza kudaiwa mahakamani hadi miaka 6 tangu siku lilipotakiwa.

Taarifa hiyo ina mambo yako yote, pamoja na uliyemtumia mama yako na ulichonunua saa tano za usiku. Unaweza kuweka alama ya rangi kwenye mistari ya kodi katika nakala uliyoichapisha, lakini usikate wala kufuta mistari mingine kwenye faili ya asili. Taarifa yenye mashimo humpa mpinzani neno la kusema.

Mbele ya jopo

Notisi ya kumwondoa mpangaji chini ya Sura ya 301 haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu aipokee. Mshonaji ana mwezi mmoja wa kumjibu mwenye jengo kwa maandishi kwamba hakubali, na anatakiwa kupeleka shauri kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye notisi. Akikaa kimya akiamini kuwa ukweli utajitetea, tarehe ikifika upangaji umekwisha, hata kama alilipa kila senti.

Akienda, kuna kifungu kinachomsaidia ambacho wapangaji wachache wanakijua. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 3, inamtaka mwenye jengo aweke kitabu cha kodi, ampe mpangaji nakala yake, na humo yaandikwe malipo yote ya kodi na matengenezo yote. Mwenye jengo anayedai Sh18,000 bila kitabu ameanza vibaya. Mshonaji amuulize mbele ya jopo: kitabu kiko wapi?

Upande wake mwenyewe, taarifa iliyochapishwa ni ushahidi wa kielektroniki, na Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka uambatane na cheti. Neno hilo huwatisha watu. Cheti chenyewe ni karatasi iliyotiwa saini inayoeleza hati ni ipi, ilipatikana vipi, na kwa vifaa gani: faili ilipokewa kwa baruapepe fulani, siku fulani, ikafunguliwa kwa simu au kompyuta fulani, ikachapishwa kwa mashine fulani, bila kubadilishwa. Kwa kawaida hutiwa saini na yule aliyeipakua na kuichapisha. Ujumbe wa simu uliopigwa picha na kuchapishwa unahitaji karatasi kama hiyo pia. Bila cheti, wakili wa upande wa pili ataomba hati itupwe, na anaweza kukubaliwa.

Kisha mshonaji apange karatasi zake kwa mwezi, kila mwezi ukurasa mmoja: kiasi, tarehe, nambari ya muamala, aliyepokea, na ujumbe uliofuata kama upo. Januari, Februari, Aprili na Juni zina mstari wa taarifa. Machi ina mistari miwili na ushahidi kuhusu msimamizi. Mei ina jina la wakala na ombi la taarifa ya mwenye jengo. Akifaulu kwa Machi peke yake, malipo manne ya moja kwa moja yanarudi kwenye miezi yake, na deni linalobaki ni la Mei, Sh9,000. Akifaulu na Mei, hakuna deni.

Nyumba za kuishi zina njia nyingine. Jopo la kodi za nyumba nchini Kenya husikiliza zile ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango cha zamani kilichoachwa nyuma na bei za leo, hivyo mizozo mingi ya nyumba huishia mahakama za kawaida. Karatasi zinazohitajika ni zilezile.

Ng’ambo ya mpaka

Msomaji wa Kampala ana nafuu moja. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 inatambua makubaliano ya upangaji yaliyofanywa kwa ujumbe wa data, na inataka upangaji wenye thamani ya Sh500,000 za Uganda au zaidi uwe wa maandishi au wa ujumbe wa aina hiyo. Mazungumzo ya WhatsApp mliyokubaliana kodi, tarehe na nambari ya kulipia yanaweza kuwa ndiyo mkataba wenyewe. Yafute, na umefuta mkataba.

Tanzania, ambako kodi hulipwa ya miezi mitatu, sita au hata mwaka kwa mpigo, ugomvi mdogo unaojirudia ni wa “ya kutolea.” Mpangaji anatuma kiasi kamili cha kodi, mwenye nyumba anatoa kwa wakala, anakatwa ada, kisha anadai kodi imepungua. Kiasi hicho kidogo kikijirudia, hugeuka kuwa deni kwenye daftari la mwenye nyumba. Kubalianeni kwa ujumbe, kabla ya malipo ya kwanza, nani anabeba ada ya kutolea.

Huko huko Tanzania ndiko ulikoenea ule ujumbe wa matapeli: “Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi itume kwa namba hii.” Hutumwa kwa maelfu ya nambari kwa kubahatisha, na daima kuna mtu ambaye kodi yake imefika siku hiyo. Aliyetuma pesa huko atakuwa na taarifa safi, yenye jina, tarehe na nambari ya muamala, na bado atadaiwa kodi, kwa sababu mwenye nyumba hakulipwa na hakumtuma mtu. Nambari mpya ikija, piga simu kwa nambari ya zamani kabla ya kutuma chochote, na jina litakalojitokeza kwenye skrini ulisome kabla ya kuweka namba ya siri.